Mtihani wa Saa Tatu, Nguvu za Saa Nane Usiku

Mwanafunzi ninayetaka kumchambua hapa si mtu fulani, ingawa najua wapo watakaoapa kwamba ni jirani yao wa hosteli. Yuko chuo kikuu, mwaka wa pili, bumu limeingia juzijuzi, na kesho ana mtihani wa saa tatu unaoanza saa tatu. Mezani pake kuna kopo kubwa la eneji la mililita 500 na jingine dogo la mililita 250, vidonge viwili vya kichwa vya ile aina inayosifiwa kuwa kali, chupa ya kahawa ya unga, vidonge vya guarana alivyouziwa na mtu anayeuza pia mafuta ya nywele, vitamini za kuyeyusha majini, na pakiti ya glukosi. Daftari nalo lipo, chini ya glukosi. Yeye anaamini amejikusanyia nguvu za aina saba. Mimi nadai amejikusanyia kitu kimoja mara tano, akaongeza viwili visivyomhusu, na kwamba kujumlisha namba zilizoandikwa kwenye lebo kungemwonyesha hivyo mapema kuliko mwili wake ulivyomwonyesha.

Kitu chenyewe ni kafeini. Mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kutoka kwenye buni mwaka 1819, baada ya kupewa buni hizo na mshairi Goethe, na tangu hapo wapo wengi walioibadilisha jina. Guarana ni mbegu ya mmea wa Amazoni, na sifa yake kubwa kwa mtu anayekesha ni kwamba imejaa kafeini. Vidonge vya kichwa vya aina ile huchanganya parasetamoli na kafeini, mara nyingi miligramu 65 kwa kidonge, kwa hiyo viwili ni 130. Eneji nyingi zina miligramu 32 katika kila mililita 100, maana yake kopo kubwa lina 160 na dogo 80. Vijiko viwili vya kahawa ya unga vinakaribia 120. Tuseme kidonge chake cha guarana kina 100, kama muuza mafuta ya nywele alisema kweli. Jumla ni 590. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipolipitia suala hili mwaka 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mkupuo mmoja. Mwanafunzi wetu, ambaye hangekubali kumeza vidonge vitano vya kafeini kwa usiku mmoja kama angeambiwa waziwazi, amevimeza kwa sababu kila kimoja kimekuja na pakiti yake na rangi yake.

Vile viwili visivyomhusu havitanichukua muda. Vitamini B husaidia mwili kutumia chakula, lakini mwenye nazo za kutosha haongezewi mwendo kwa kuzizidisha; figo huzitoa, na ile ya B2 inapotoka huupa mkojo rangi ya manjano kali inayomfanya mhusika ajione mgonjwa, kumbe anatazama pesa zake zikienda. Glukosi nayo mtu huilamba akidhani analisha ubongo. Ubongo hutumia glukosi, ni kweli, ila aliyekula ugali na maharage jioni anayo tayari, na mwili wake unajua kuisimamia bila yeye kuamka kulamba unga.

Turudi kwenye kafeini, maana hapo ndipo jina la kinywaji chenyewe linapodanganya. Kafeini haileti nguvu hata chembe. Tunapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo saa baada ya saa, hujipachika mahali pake maalumu, nasi tunasikia usingizi. Kafeini hufanana nayo kiasi cha kuweza kukalia mahali pale pale bila kufanya kazi ile. Ni sawa na kumwekea mdai kitasa mlangoni: hagongi tena, lakini deni liko palepale, na yeye yuko nje anaendelea kupiga hesabu ya riba. Hesabu ya mwanafunzi wetu inapoharibika ni hapa, kwa sababu yeye huhesabu kitasa kuwa ni mshahara.

Sasa tuufuate usiku wake. Mwili wa mtu mzima huondoa nusu ya kafeini kwa takriban saa tano, ingawa watu hutofautiana sana. Saa mbili usiku amekunywa kopo kubwa. Saa nne kichwa kimeanza kugonga, akameza vile viwili vya kichwa bila kusoma kilichomo. Saa sita kahawa. Saa nane guarana. Ukizipunguza dozi zote hizo kwa kanuni ya nusu kila saa tano, unakuta kwamba saa nane usiku ana miligramu kama 330 mwilini kwa wakati mmoja, kiwango ambacho hatakifikia tena. Kilele cha maandalizi yake yote, basi, kimetokea mtihani ukiwa bado saa saba mbele. Na kwa kuwa saa tisa ameamua kujinyoosha kidogo ili awe mpya asubuhi, kilele hicho amekitumia kulitazama feni la darini. Moyo unakwenda mbio, taya zimekaza, na anajua sasa kwamba panga moja la feni limepinda na kwamba skrubu ya tatu haipo. Angetahiniwa juu ya feni lile, angepata alama zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 zilizomezwa hata saa sita kabla ya kulala zilimnyang'anya mtu zaidi ya saa moja ya usingizi. Yeye alimeza guarana saa moja tu kabla ya kujilaza.

Saa kumi na moja alfajiri anakunywa kopo dogo kwa hasira. Anapoingia ukumbini saa tatu, hesabu ile ile inaonyesha amebakiwa na miligramu kama 170. Hii ndiyo sehemu inayonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja, kwa sababu kiasi hicho kinaweza kutetemesha mkono usiolala, lakini hakitoshi kumzuia mdai ambaye ameongezewa usiku mzima wa riba. Anapata hasara za pande zote mbili. Mwandiko wake unapanda na kushuka. Swali la kwanza analisoma mara tatu, na kila mara neno "linganisha" linapotea njiani, basi anaeleza upande mmoja kwa kurasa nne, kwa kujiamini kabisa, maana mtu aliyechangamka bila kulala hujiona anatiririka. Saa nne na robo anaomba kwenda msalani, akisindikizwa na msimamizi; saa tano kasoro tena; mara ya tatu msimamizi anaanza kumkagua mifuko. Hakuna desa mfukoni. Kilichomo mwilini ni mililita 750 za eneji, vikombe vya kahawa, na wasiwasi, ambavyo vyote vina njia moja ya kutokea.

Nitaambiwa kwamba naionea kafeini, kwani inajulikana kusaidia. Sikatai. Kwa kiasi cha kikombe kimoja au viwili huongeza umakini na kuharakisha mwitikio, hasa kwa mtu aliyechoka, na anayesoma mchana ana kila haki ya kikombe chake. Ila faida hiyo haipandi kwa kujumlisha makopo. Yerkes na Dodson waliliona jambo la jinsi hii mwaka 1908 kwa panya waliokuwa wakijifunza kuchagua njia huku wakipigwa shoti za umeme: kazi ilipokuwa ngumu, msisimko wa wastani uliwafundisha vizuri kuliko ule mkali. Panya hawakufanya mitihani ya takwimu, nakubali, na sitaki kuubebesha utafiti wa panya zaidi ya uwezo wake. Lakini mwelekeo wake hauwafurahishi wenye mrundikano.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la muda. Silabasi ni kubwa, usiku ni mmoja, na kulala ni kuacha sura mbili bila kusomwa. Anayesema hivyo anadhani kusoma huisha pale daftari linapofungwa. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach waliwapa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell kazi ya kukariri silabi zisizo na maana, kisha wakawapima baada ya muda uleule, mara wakiwa wamelala, mara wakiwa macho. Walipolala walisahau machache kuliko walipokuwa macho, na tafiti za baadaye zimezidi kuonyesha kuwa usingizi ni sehemu ya kuhifadhi kilichosomwa. Aliyepiga msuli hadi saa tisa ameingiza sura mbili na kuzinyima mahali pa kukaa, pamoja na zile nne za mchana ambazo alizijua vizuri.

Kisha kuna yule rafiki wa chumba cha pili, ambaye hunywa makopo matatu na kupata A. Yupo kweli. Ini huivunja kafeini kwa kasi inayotofautiana kati ya mtu na mtu kwa kurithi. Wavutaji sigara huivunja haraka zaidi, na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huivunja polepole. Tena aliyeizoea kila siku hasikii kinachomtetemesha mgeni. Kwa hiyo dozi ya rafiki ni taarifa kuhusu ini la rafiki. Na waliokunywa makopo matatu wakapata sapu hawasimulii mbinu zao kwenye kantini.

Wazazi nao huja na pingamizi la upande wa pili: acha kabisa. Kwa asiyeitumia, ushauri huo hauna kasoro. Lakini aliyezoea vikombe vitatu kwa siku akiviacha ghafla usiku wa kuamkia mtihani, kichwa kitaanza kumuuma ndani ya saa 12 hadi 24, yaani katikati ya swali la pili. Huyo apunguze taratibu, wiki moja au mbili kabla. Anayepaswa kuacha papo hapo ni yule ambaye moyo unaruka mapigo, anatapika au kifua kinabana, na huyo asiende kulala, aende hospitali, kwa sababu miligramu 1,200 zilizomezwa haraka zinaweza kumletea mtu degedege, na anayerundika pakiti asizosoma hana namna ya kujua yuko umbali gani na hapo.

Mtihani wa pili wa mwanafunzi wetu ulikuwa siku nne baadaye. Safari hii aliandika miligramu pembeni ya ratiba, kalamu ya risasi ikifanya kazi ambayo mwanzoni aliiachia bahati. Kikombe cha mwisho alikunywa saa nane mchana, akafunga daftari saa nne na nusu usiku, akalala. Saa mbili na nusu asubuhi alikunywa kikombe kimoja cha kahawa, miligramu 80 hivi, kwa kuwa kafeini hufikia kilele ndani ya nusu saa hadi saa moja, kisha akapita msalani akiwa bado mtu huru. Swali la nne lilitoka sura ya sita, ambayo hakuwa ameisoma. Alilisoma mara moja, akaelewa kwamba halijui, akageuza ukurasa akaenda swali la tano.