Bei Yako Kali, Fundi

Kuna wateja ambao ukiwatajia bei wanashika kifua. Wengine wanacheka, wengine wanamwita Mungu, na wapo wanaogeuka kumtazama waliyekuja naye utadhani nimetaja bei ya figo. Kisha linafuata lile lenyewe: "Bei yako kali, fundi." Nimelisikia hapa Keko tangu vumbi la mbao halijaanza kunikohoza, na hadi leo nikilisikia mkono unataka kupanda sikioni kuchukua penseli, nifute nilichoandika.

Lakini anayenimaliza hasa si mteja. Ni kijana wangu wa msasa. Mimi nimetaja bei, mteja bado anameza mate, hajasema lolote, na yeye kutoka nyuma ya rundo la mbao anapaza sauti: "Usiogope mama, bei inazungumzika!" Nani kamuuliza? Mama wa watu pengine alikuwa anahesabu kichwani zitabaki ngapi za pazia. Sasa ameshajua kuwa bei niliyotaja haikuwa bei, ilikuwa salamu. Hapo hata nikishusha elfu hamsini atajiuliza kwa nini si laki, na nikishusha laki atajiuliza nilitaka kumwibia kiasi gani.

Nichukue kitanda cha mninga, futi tano kwa sita, chenye ubao wa kichwani na droo mbili ubavuni. Mimi nakiuza shilingi 950,000. Mbao zinakula 430,000, maana mninga hauoti Temeke. Unatoka huko bara, na kila shehena inasafiri na vibali vya misitu ambavyo mwenye mbao haachi kunikumbusha. Gundi, msasa, vanishi, skrubu na reli za droo ni 90,000. Mashine ya kuranda 40,000. Ujira wa vijana 150,000, akiwemo yule wa "bei inazungumzika". Fungu la pango na umeme nalikadiria 50,000. Jumla 760,000, na mimi nabaki na 190,000.

Sasa anakuja mtu, anasema kwa upole, "Nipunguzie asilimia kumi tu, fundi." Tu! Asilimia kumi ya bei ni 95,000, na hiyo ni nusu ya riziki yangu kwenye kitanda hicho. Mbao hazijapungua, vanishi haijapungua, kijana hajapungua ulaji. Ili nirudi nilipokuwa lazima nitengeneze vitanda viwili badala ya kimoja. Wengi tunaipiga hesabu hii usiku, tukiwa tumeshapeana mkono mchana. Ndipo karakana nyingine zinapoanza kuirudishia pesa kwenye mbao: chaga zinakuwa nyembamba, mbao mbichi zinaingizwa kazini kabla hazijakauka, na baada ya miezi michache viungo vinaachia na droo haifunguki mpaka upige teke.

Zamani jirani yangu mmoja alitafuta njia ya mkato. Akawa anaongeza laki mbili juu, ili apate za kupunguza. Kariakoo kwenye mashati pengine inapita. Kwenye kitanda cha kuagiza haikupita. Dada wawili wa familia moja waliagiza kwake vitanda vinavyofanana. Mmoja ni mstaarabu, akalipa alichoambiwa. Mwenzake ana mdomo, akalipa pungufu ya hapo kwa laki mbili. Wakakutana kwenye kikao cha harusi wakahadithiana. Jirani alipigiwa simu na ukoo mzima, mpaka shangazi.

Mimi siku hizi nikiambiwa bei kali, kwanza nanyamaza. Si kwa hasira. Naokota kipande cha msasa, nasugua kitu chochote kilicho karibu. Wapo wanaosema "kali" kwa mazoea tu, na ukinyamaza kidogo wanaendelea wenyewe: "Haya, na kinakuwa tayari lini?" Huyo hakuwa na tatizo na bei hata kidogo. Alitaka tu isionekane kanunua bila kupigana. Ningemkatia hamsini ningekuwa nimemlipa kwa kupumua.

Asipoendelea, nauliza swali moja: "Kali kwa kulinganisha na nini?" Unaliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, maana likitoka kwa sauti ya kugomba umefunga duka. Jibu lake ndilo linaloniambia nafanya nini baada ya hapo. Kuna mtu ameona cha bei ya chini mahali, kuna mtu pesa yake haijatimia, na kuna mtu ambaye hakitaki kitanda hiki kabisa ila anaona haya kusema. Watatu wote wanatumia maneno yaleyale, na punguzo haliwatibu wote.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, mwenye kanga safi na macho ya mkaguzi. Nikamtajia 950,000. Akasema kali. Kwa bahati kijana nilikuwa nimemtuma gundi. Nikauliza, kali kwa kulinganisha na nini, mama? Akatoa simu. "Huyu wa barabarani ananipa kwa laki tano na nusu. Mninga huohuo, droo hizohizo."

Hapa mafundi wengi wanaharibu. Wanaanza kumtukana wa barabarani, mara tapeli, mara muuza kuni. Mama alishakaa kwenye kile kitanda, pengine alishamwambia na mumewe. Ukikitukana umemtukana yeye aliyekipenda. Nikamwambia, "Kitanda kizuri hicho mama, na kwa bei hiyo si haba. Ukirudi kukiangalia, nifanyie jambo moja. Inama uangalie chini, upande ambao hauonekani."

Nikamwonyesha kwenye kitanda changu. Moyo wa mninga ni kahawia mpaka ndani, una michirizi myeusi, na ukiukata hautoi rangi nyingine. Paini iliyopakwa rangi ya mninga utaijua chini ya fito, mahali ambapo brashi ilizembea: mbao ni nyeupe inayoelekea njano, ina macho ya matawi, na ukibonyeza kwa ukucha inaacha alama. Nikamwonya pia asidanganywe na uzito, maana mbao mbichi nayo ni nzito, kwa maji yake. Paini si dhambi. Kwenye chumba cha kupanga, kwa mtu anayehama kila mwaka, paini iliyokauka vizuri ni kitanda halali, na mimi mwenyewe natengeneza. Ila hiyo bei ya laki tano na nusu ni ya kitanda kingine, wala si yangu iliyopunguzwa.

Mama akanyamaza. Kisha akasema nilichokuwa nakisubiri: "Basi fundi, mimi nina laki nane. Januari inakuja, ada ya shule inanitazama."

Ona sasa. Dakika kumi nzima tulikuwa tunazungumzia mtu wa barabarani, kumbe mwenye shida ni mwalimu mkuu. Ningekata bei tangu mwanzo nisingelijua hilo. Na mimi laki nane kwa kitanda kilekile siwezi, inanibakizia 40,000 ya kazi yote hiyo. Ila kitanda kinaweza kubadilika.

Nikamuuliza, "Droo ni za nini?" Akasema za mashuka. "Mashuka kwa sasa yanakaa wapi?" Kabatini. Basi tukazitoa droo. Droo mbili peke yake zinanigharimu 110,000: mbao 45,000, reli na vipini 30,000, ujira 35,000, kwa sababu droo ndiyo kazi inayokula muda. Gharama ikashuka hadi 650,000, nami nikamwandikia 815,000. Tazama: bei imeshuka 135,000, na faida yangu bado ni 165,000, ile sehemu moja ya tano niliyoanza nayo. Kitanda ni mninga uleule, chaga zilezile, ubao wa kichwani uleule. Nikamwambia nitauacha ubavu umepimwa, akitaka droo ada ikishapita, aje tuziingize kwa bei ya droo.

Imebaki 15,000. Ni kishawishi kikubwa hapo kusema "haya basi, leta". Mtu amechoka, jua linazama, elfu kumi na tano ni nini? Lakini ukiitoa bure umemfundisha kuwa mwisho wa mazungumzo daima kuna kitu cha bure, na ataendelea kuchimba. Kwa hiyo nikaomba kitu. Kawaida nachukua nusu ya malipo kwanza. Nikamwambia, "Ukinipa 560,000 leo, nalipia mbao zote taslimu kesho asubuhi, nami nakuandikia laki nane." Hiyo ni asilimia sabini. Mwenye mbao akiona taslimu ananiruhusu kuchagua. Akiona "nitakumalizia Ijumaa" ananipa zilizopinda. Hiyo elfu kumi na tano nimeinunulia kitu, sikuitupa.

Si kila siku inakwenda hivi. Juzi bwana mmoja alitaka kitanda chote, na droo, na vanishi ya mng'aro, kwa laki sita, leo, na nusu atamalizia mwisho wa mwezi. Nikamwonyesha kisicho na droo, hakutaka. Cha paini, akaona namdharau. Nikamtakia safari njema na kumwelekeza njia ya kutokea barabarani. Kijana wangu aliniangalia kwa huruma, akidhani tumepoteza mteja. Hakuna tulichopoteza. Kwa laki sita ningemwongezea 160,000 zangu mfukoni alale vizuri.

Na kuna upande wa pili ambao sisi mafundi hatupendi kuuzungumza. Kama hata wale wanaoinama wenyewe kukagua chini ya fito, wanaoujua mninga bila kufundishwa, nao wanaondoka wote kwa sababu ya bei, basi swali langu linanirudia mimi. Pengine nanunua mbao ghali kuliko wenzangu, pengine kijana mmoja anafanya kwa siku tatu kazi ya siku moja. Nina mashaka na mmoja, na nimeshamtaja.

Mama alihesabu zile pesa mbele yangu, noti kwa noti, nikamwandikia risiti: vipimo, aina ya mbao, bila droo, kilicholipwa na kilichobaki. Akaisoma yote. Akaikunja. Kisha akakigusa kwa mguu kile kistuli nilichokuwa nimekalia.

"Na hiki, fundi, kinakuja na kitanda?"

"Hicho elfu thelathini, mama."

Kijana ndiyo kwanza alikuwa anaingia na gundi mkononi. Nilimwona anavuta pumzi, anafungua mdomo. Nikamrudisha dukani akalete misumari ambayo hatukuihitaji.