Betri Iliyoumuka

Simu yangu ilianza kwa uongo. Ilisema ina asilimia 43, nikapiga Kilwa Masoko kuulizia nauli, ikazimika kabla sijamaliza salamu. Nilipoichomeka kwenye chaji ikawaka na kukiri kwamba ina asilimia 9. Nikaulaumu mtandao. Nikazima data, nikapunguza mwanga hadi nikawa nasoma meseji kwa kukisia. Nikaangalia kwenye mipangilio ni programu gani inayokula chaji: hakuna iliyokula kupita kiasi.

Shangazi ndiye aliyeona. "Mwanangu, simu yako imeumuka."

Kweli, mfuniko wa nyuma ulikuwa umeachama, ukucha unapita. Nikaiweka mezani, nikaisukuma kidogo, ikazunguka kama pia. Basi nikafanya nilichokiona ni akili: nikaifunga kitambaa, nikailaza chini ya kibao cha mbuzi usiku kucha, inyooke.

Alfajiri Shangazi akataka kukuna nazi. "Unapiga pasi simu?"

Tulipofika kwa fundi, hapa hapa Rasbura, hakucheka. Aliuliza kwanza, "Umeitoboa?" Sikuitoboa, ingawa binamu yangu alikuwa ameshanitafutia sindano ya kutolea upepo. Fundi akamtazama binamu kwa muda mrefu. Akaeleza kwamba ule si upepo. Ni gesi inayotokana na kimiminika cha ndani kinapoharibika, na inashika moto. Ndani kuna karatasi nyembamba za chanya na hasi, zimetenganishwa na utando mwembamba. Ukiitoboa, au ukiilaza chini ya kibao cha mbuzi, utando unaweza kuchanika, pande mbili zikagusana, joto likapanda lenyewe hadi moto. Nilikuwa nimelala hatua mbili kutoka pale.

Akaniuliza naichajia wapi. Dirishani, nikasema, ambako jua la Lindi huingia tangu asubuhi. Mara nyingine chini ya mto. Na simu ina miaka minne. Betri ya lithiamu huchoka baada ya kujaa na kuisha mara mia kadhaa, akasema, na joto huiharakisha.

Akaizima, akakataa katakata kuichomeka "tuone kama inawaka". Bisibisi hakuigusa, aliibandua betri kwenye gundi polepole kwa kadi ya plastiki, bila kuikunja. Ikatoka nene kama kitumbua. Akaitia kwenye debe la mchanga mkavu, akalipeleka nje, mbali na mabati na maboksi.

"Haiwezi kutulia ikarudi?" nikauliza.

"Inayoisha haraka tu tunaweza kujadiliana," akasema. "Pengine ni programu, pengine mtandao hafifu. Ikivimba, hata kidogo, hakuna mjadala. Ni mpya."

Nikalipa. Shangazi ananidai kibao cha mbuzi kingine. Anasema kile kimenuka simu. Nawe ukisoma haya kwenye simu, igeuze, iweke mezani, uisukume kidogo. Ikizunguka, usiichaji leo.