Mwizi Ana Majibu, Mimi Nina Maswali

Kuibiwa simu Kariakoo si habari. Habari ni usaili unaofuata. Unaazima simu ya jirani, unapiga huduma kwa wateja ili laini na akaunti ya pesa zifungwe kabla mwizi hajazigusa, halafu sauti nyororo inakwambia: "Kabla sijakusaidia mteja, naomba nikuthibitishe."

Nithibitishwe mimi niliyeibiwa! Yule aliyeiba nani kamthibitisha?

Haya, majina matatu kamili. Mtaa mzima unaniita Baba Zuhura, lakini mfumo haumjui Zuhura wala baba yake. Unataka majina ya kwenye usajili, jinsi yalivyoandikwa huko. Kisha namba ya NIDA. Namba yenyewe ina tarakimu 20, na kitambulisho nilikichomeka kwenye kava la simu ili kisipotee. Bahati nzuri mama watoto ana kopi, anasoma huku nami narudia. Tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku niliyozaliwa. Nikishamaliza kuzitaja zote, dada wa watu anauliza: "Tarehe yako ya kuzaliwa?"

Hayo ni mepesi. Kasheshe inaanza hapa: "Muamala wako wa mwisho ulikuwa wa shilingi ngapi, na ulikwenda kwa nani?"

"Elfu kumi na mbili, kwa Fundi Bomba."

"Samahani mteja, taarifa hazilingani na zilizopo kwenye mfumo."

Hazilingani kwa sababu Fundi Bomba ni jina nililomhifadhi nalo mimi. Mfumo unamjua kwa jina alilosajilia laini, lile linalojitokeza kabla hujathibitisha kutuma, ambalo sote tunalipita mbio kama gari la msafara. Na elfu kumi na mbili ndiyo aliyopokea fundi; je, niitaje na makato? Ndipo linakuja la salio: "Kwa kukadiria, una shilingi ngapi?" Jirani mwenye simu amesimama hapa, ananidai, na jana nimemwapia kwamba sina hata mia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba majibu yote anayo mwizi. Kama simu haikuwa na loki, muamala wa mwisho, jina halisi la fundi na salio viko kwenye meseji, na kitambulisho changu anacho mkononi. Tukifanyishwa mtihani mmoja, yeye atafaulu, mimi nitarudia darasa.

Hata hivyo, wahudumu wana sababu. Namba ya NIDA peke yake haitoshi, maana kopi za vitambulisho vyetu zimezagaa kuanzia gesti hadi dukani kwa mtoa kopi. Kwa simu hawaoni sura wala hawawezi kuchukua alama ya kidole. Hiyo utaiweka dukani kwao ukienda kurudisha laini. Kwa hiyo wanauliza mambo ambayo mtumiaji wa kila siku anatarajiwa kuyajua: ulimtumia nani, uliweka vocha ya kiasi gani, namba zipi unazipigia mara kwa mara.

Basi jiandae kabla ya balaa. Chukua karatasi, uandike majina yako kama yalivyosajiliwa, namba ya NIDA, na namba tatu au nne unazozipigia sana, kwa tarakimu, maana siku hizi hakuna anayejua kwa kichwa hata namba ya mkewe. Watu unaowatumia pesa mara nyingi, andika majina yao ya usajili. Ifiche karatasi nyumbani, isikae kwenye kava la simu.

Muamala wa mwisho huwezi kuuandika mapema, ila kuna njia. Aliyepokea pesa naye alipata meseji. Kabla ya kupiga huduma kwa wateja, mpigie fundi akusomee: kiasi, tarehe, saa, na kumbukumbu namba ya muamala. Jina lake la usajili atakutajia mwenyewe. Dakika moja kwa fundi ni nafuu kuliko kukatiwa na mhudumu na kurudi kwenye muziki wa kusubiri. Ila usikawie, mwizi naye hakai.

Kitu kimoja usikiandike kwenye karatasi ile: namba ya siri. Katika usaili wote huu, mhudumu wa kweli haulizi namba ya siri wala zile namba za uthibitisho zinazoingia kwa meseji, kwa sababu mwenye nazo hahitaji kuthibitishwa na mtu. Anatoa pesa tu. Na kumbuka nani kampigia nani. Ukipiga wewe namba rasmi, vumilia maswali hata yakikera. Akipiga yeye, akajiita huduma kwa wateja na kuanza kukuuliza namba ya siri, mkatie.