Sifa za Kifurushi Kilichokatika

Kifurushi cha mpira kikikatika, marehemu hutukanwa hata kabla ya matanga. Hapa Magindu nimesikia akiitwa mwizi, msaliti, hata mchawi. Naomba kumtetea, maana sijaona mtumishi mwenye adabu kama huyu: amelipwa siku 30, amekaa siku 30, ameondoka bila kudai hata nauli.

Mtazameni nduguye wa kwenye simu, yule anayejilipa mwenyewe kwa kadi ya benki. Huyo hafi. Ligi imeisha, wachezaji wako likizo, yeye anaendelea kula. Ukifuta programu ukidhani umemfukuza, umefuta picha yake tu. Makato yako palepale. Aliyejisajili kupitia Play Store sharti aguse picha ya akaunti yake, aingie Payments & subscriptions, kisha Subscriptions, achague usajili husika, abonyeze Cancel subscription. Na kwa kawaida ukisitisha leo, utaendelea kutazama hadi siku ulizolipia ziishe. Ndiyo maana wajanja husitisha siku ileile ya kulipa, wakingali na kumbukumbu.

Marehemu wetu hana hila hizo. Ila anahesabu siku, hahesabu mechi, na hapo ndipo watu wanapomwonea. Dabi ya Kariakoo ya 2025 ilipangwa Machi 8, ikaahirishwa siku yenyewe. Aliyelipia Machi 7 kwa ajili yake alizika kifurushi mapema Aprili, dabi haijachezwa. Mwingine akasema ligi huisha Mei, akafunga pochi. Dabi ikapigwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0 na kubeba ubingwa, naye akaitazama kibanda umiza, kwapa la jirani likiwa usoni. Je, hapo kosa ni la marehemu?

Sasa mwangalieni anapoitwa kwa wakati. CHAN ilifunguliwa Dar es Salaam Agosti 2 mwaka huohuo, Tanzania ikiifunga Burkina Faso 2-0, na fainali ilikuwa Agosti 30. Aliyelipa Agosti 1 jioni alipata mashindano yote kwa malipo mamoja, na siku ya ziada. Mwenye kiherehere aliyelipa Julai 26 alikatikiwa Agosti 25, fainali akaisikia redioni. Baada ya hapo, kwa asiyejali mechi za Taifa Stars za kufuzu Kombe la Dunia, marehemu angeweza kulala hadi Ngao ya Jamii, Septemba 16. Wiki mbili na ushei bila kulipa senti! Angefufuliwa Septemba 15, si dakika mbili kabla ya filimbi, wakati kila mtu analipa na mtandao unasuasua.

Wapo watakaolalamika kwamba hukatika dakika ya 89. Kama kifurushi chao kinahesabiwa kwa saa, basi wajiulize mwezi uliopita walilipa dakika ya ngapi.