Mwanachama wa Siku Nyingi

Mwenye duara mmoja wa Nyarugusu, Geita, alikumbushwa na mwandikishaji kuwa bima yake ya CHF iliyoboreshwa inaisha: shilingi 30,000 tu, kaya ya watu sita, mwaka mzima, toka zahanati hadi hospitali ya mkoa. Akamcheka. Anayengoja mwamba wenye dhahabu asumbuliwe na vijisenti? Jioni akawanywesha vijana wa karasha bia za kuzidi hizo.

Mwezi uliofuata mwanawe akashikwa na malaria kali. Mapokezi, dada akaingiza namba ya kadi, akamgeuzia simu: muda umekwisha.

“Mimi mwanachama wa siku nyingi!”

“Ulikuwa, baba. Wa fedha taslimu dirisha lile.”

Akajipapasa mifukoni, kisha akauliza kwa upole kama wanapokea mawe.