Mjomba, Soma Nguzo

Aachen, Ujerumani



Barua yako nimeipata pamoja na maswali yake yote. Lile la mahari nitakujibu siku ambayo mama hatakuwa anasoma pembeni yako. Lakini hili la mpaka siwezi kuliacha lilale, maana naona umeniita mwongo kwa adabu.

Wewe uliyeendesha lori Tanga hadi Mombasa miaka yote ile, mpaka kwako ni Horohoro: foleni, muhuri, kizuizi, na kijana mwenye bunda la shilingi za Kenya anayekuita "boss". Ndiyo maana hukuamini nilipokuambia kwamba hapa nakunywa chai Ujerumani, nanunua kahawa Uholanzi na kumtembelea rafiki Ubelgiji, yote kabla ya magharibi. "Sasa mtu unajuaje kwamba umevuka?" umeuliza. Nami najibu: kwa taa, Mjomba. Taa za barabarani, nguzo zake na yule mtu mdogo wa kijani anayekuruhusu kuvuka.

Kwanza ujue nilipo. Aachen uko kwenye kona ambapo nchi tatu zinakutana juu ya kilima kiitwacho Vaalserberg. Kina mita 322 hivi, na ndicho kilele cha juu kabisa cha Uholanzi yote ya hapa Ulaya. Waholanzi hupanda huko na viatu vya milimani na vifimbo viwili mkononi. Mtu wa Lushoto angekipita akienda kuchota maji asijue kama amepanda. Chini yake, upande wa Uholanzi, kuna mji mdogo wa Vaals, na Wajerumani humiminika huko kununua kahawa, kwa kuwa serikali yao inatoza euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa na Uholanzi haitozi kodi hiyo. Nami hufuata msafara. Mtoto wa nchi inayolima kahawa haoni haya kuikimbiza penye nafuu.

Barabara yenyewe upande wa Ujerumani inaitwa Vaalser Straße. Unakwenda nayo moja kwa moja, nyumba zimebanana, hakuna geti wala bendera ya maana, na ghafla jina limekuwa Maastrichterlaan. Majina ya mitaa usiyategemee, maana ukiwa ndani ya basi huyaoni. Tazama nguzo ya taa za kuongozea magari. Ujerumani nguzo hiyo kwa kawaida ni chuma cha kijivu kisicho na mbwembwe. Ukiona imepakwa mikanda ya nyeusi na nyeupe, tayari uko kwa Waholanzi, shika pochi yako ya kahawa.

Ukiendelea mpaka Ubelgiji mambo yanakolea, kwa sababu Wabelgiji hawakubaliani hata juu ya rangi ya nguzo. Barabara kubwa ziko chini ya majimbo, na kila jimbo limepaka lake: Flanders, wanakosema Kiholanzi, nguzo za taa zina mikanda ya njano na nyeusi, ambazo ndizo rangi za bendera yao. Wallonia, wanakosema Kifaransa, ni nyekundu na nyeupe. Rafiki yangu wa Lubumbashi, anayeishi Liège, hunipima kwa hili tukiwa garini mwake. Anafunika ubao wa majina ya miji kwa kiganja na kuniuliza, "Tuko wapi, ndugu?" Nami natazama nguzo, namjibu, naye ananung'unika kwamba nimeijua nchi yake ya kambo kuliko yeye.

Utauliza kwa nini wasikae pamoja wakakubaliana. Walikaa, Mjomba. Mwaka 1968 mataifa yalikutana Vienna yakaandika mkataba wa alama na taa za barabarani. Walikubaliana yale yanayoua mtu: nyekundu maana yake simama, na katika taa zilizosimama wima nyekundu hukaa juu. Lakini mengine waliyaacha wazi, kila nchi ichague. Rangi ya nguzo haikuwahusu. Namna ya kutoka nyekundu kwenda kijani, hiari. Ndani ya nafasi hiyo ndogo ya hiari ndimo kila nchi ilimojiandikia saini yake.

Chukua hiyo ya kutoka nyekundu kwenda kijani, wewe dereva itakufurahisha. Ujerumani, kabla ya kijani, nyekundu na njano huwaka pamoja kwa sekunde moja. Ni kama mtu anayekohoa kabla ya kubisha hodi, na madereva hutumia sekunde hiyo kuingiza gia. Uholanzi na Ubelgiji hakuna hilo: nyekundu inazimika, kijani kinawaka, basi. Kwa hiyo ukisimama Vaals nyuma ya gari lenye namba za Ujerumani, utamwona dereva amekodoa macho akingoja njano ambayo haiji. Kijani kikiwaka anashtuka kidogo ndipo anaondoka, na Mholanzi aliye nyuma ameshapiga honi. Ukienda kusini hadi Austria, kituko kiko upande wa pili: kijani ndicho kinachoaga. Hupepesa mara nne kabla ya njano kuja. Wa kwetu tungeona ni ruhusa ya kukanyaga mafuta.

Sasa wanaotembea kwa miguu, ndiko kwenye uhondo. Uholanzi yule mtu wa kijani akikaribia kuondoka huanza kupepesa, ukijua muda unaisha. Ujerumani kwa kawaida haonyi. Yupo, halafu hayupo, na wewe uko katikati ya barabara ukitazamana na mwekundu. Shangazi alipokuja kunitembelea alisimama hapohapo katikati, akashika kichwa na kuanza kusoma dua. Nilimvuta mkono. Kumbe waliopanga taa hizo wamekuhesabia: wanachukulia kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ikiwa na upana wa mita 7.2, basi aliyekanyaga lami wakati kijani kinazimika anahitaji sekunde 6 kufika ng'ambo, na magari hayapewi kijani mpaka muda huo umehesabiwa. Mwekundu anamwambia aliye kando asianze. Aliye katikati aendelee kwa mwendo wake bila kukimbia. Shangazi nilimweleza hesabu hii yote. Alisema huyo aliyepima hakuvaa kanga mbili na viatu vya harusi.

Na usidhani unaweza kuvuka kwa mwekundu kwa kuwa barabara ni tupu. Faini ni euro 5, ambayo si kitu, lakini bibi mwenye mbwa atakukemea mbele ya watoto, na hiyo haina risiti.

Mtu huyo wa kijani ana historia ya nchi mbili. Ujerumani ilipokuwa imegawanyika, wa Magharibi alikuwa mwembamba, kichwa wazi, sura ya karani. Wa Mashariki alibuniwa na mwanasaikolojia wa usalama barabarani, Karl Peglau, aliyewasilisha pendekezo lake Oktoba 13, 1961, miezi miwili tu baada ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa. Akamfanya mnene, mwenye kofia, anatembea kwa mkogo. Mwekundu amenyoosha mikono yote miwili kama kizuizi cha Horohoro. Unene haukuwa mapambo: umbo pana hupitisha mwanga mwingi zaidi, hivyo wazee na wenye macho dhaifu humwona kwa mbali. Nchi zilipoungana mwaka 1990 walianza kumng'oa wa kofia. Watu wakapiga kelele, akarudishwa, na leo yuko hata mitaa ya Berlin ya Magharibi, pia kwenye vikombe, fulana na pipi.

Ndipo hapo, Mjomba, dalili inapoharibika. Zamani kofia ilikuambia uko upande gani wa Berlin. Siku hizi inakuambia tu kwamba kuna duka la watalii karibu. Trier, mji alikozaliwa Karl Marx, walimweka Marx mwenyewe kwenye taa mwaka 2018, miaka 200 tangu azaliwe, kwa nyekundu na kwa kijani. Düsseldorf, mwendo mfupi tu kwa treni kutoka kwangu, wana taa ya tatu ya waenda kwa miguu, yenye mstari wa njano katikati, ambayo huiona kwa nadra mno kwingineko Ujerumani. Ukiamini picha peke yake utasema umefika nchi ya nne.

Usiku zipo taa zenyewe za kumulika. Kwa miaka mingi Wabelgiji waliwasha barabara zao kuu usiku kucha kwa taa za sodiamu za rangi ya chungwa, mpaka wanaanga walikuwa wanaitambua nchi hiyo kutoka angani. Ukitoka Ujerumani, ambako barabara kuu huwa giza totoro, ulijua umevuka mara gari zima lilipogeuka rangi ya embe. Na hapo hata gari jekundu halionekani jekundu, kwa kuwa sodiamu ya shinikizo dogo hutoa rangi moja tu ya mwanga. Kila kitu ni embe au kivuli. Dalili hiyo nayo inakufa. Taa nyingi zimezimwa ili kubana matumizi, na Wallonia wanaweka za LED, nyeupe, zinazopunguzwa makali.

Ninayoipenda mimi ni ya Kijerumani na haina makelele. Katika mitaa yao utaona nguzo ya taa imezungushiwa pete nyekundu yenye kingo nyeupe, usawa wa macho. Maana yake: taa hii haiwaki mpaka asubuhi. Ukiegesha gari chini yake, usitegemee kwamba serikali itakumulikia. Ikizimika na gari lako halionekani, washa taa zako mwenyewe. Niliposhuka kwenye basi siku za mwanzo nilidhani ni alama ya mbio za mitaani. Uholanzi na Ubelgiji hutaiona, Austria wanayo inayofanana.

Kwa hiyo, dereva wangu, ukija usisumbuke na picha za watu wenye kofia. Kwanza rangi ya nguzo, pili njano inayotangulia kijani, tatu pete ya taa. Na kibali chako kiwe mfukoni, maana tangu Septemba 2024 polisi wa Kijerumani hukagua hapa na pale wanaoingia kwao, na wao hawakubali kuonyeshwa nguzo. Kahawa nitakuletea mwenyewe, lakini ya Vaals, siyo ya Aachen.

Nisalimie wote, na mama mwambie asifungue barua ijayo.

Mpwa wako