Shajara ya Kiyoyozi cha Kihonda

Jumatatu
Mama mkwe ameshuka kutoka Mgeta kuja kupimwa macho, akafikia kwetu Kihonda. Amekaa chini ya kiyoyozi, amenusa, akasema, "Baba, hapa kuna soksi." Nimevua zangu na kuzipeleka nje. Harufu imebaki. Inatoka kwa nguvu dakika za mwanzo tu, kiyoyozi kikishawashwa, kisha inapungua, au pua zinazoea. Filta ni safi. Unaona mwanga kupitia nyavu zake. Chumba nacho hakipoi. Mama mkwe ameuliza kwa nini tunanunua baridi kwa pesa wakati kule juu Uluguruni watu wanaikimbia kwa blanketi. Sikuwa na jibu la kumpa mkwe.

Jumanne
Fundi amekuja. Ameangalia kiyoyozi akiwa mlangoni, akasema, "Mzee, hiyo gesi imeisha." Nimemweleza kwamba gesi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haichomwi kama mafuta ya taa; ikipungua, kuna tundu, na tundu linatafutwa kabla ya kujaza. Amekubali kwa kichwa. Kisha ameacha mtungi wake barazani, nisije nikabadili mawazo.

Jioni nimeazima kipimajoto cha jirani anayelea vifaranga. Hewa inayoingia juu ya kiyoyozi ilikuwa nyuzi 30. Inayotoka chini, 13. Tofauti ya 17 ni kubwa mno. Kiyoyozi kizima kwa kawaida hushusha nyuzi 8 hadi 12. Gesi ikipungua, upepo unakuja mwingi lakini una joto. Hapa upepo ni wa baridi kali, ila ni mchache: karatasi laini niliyoishika mbele ya tundu ilitikisika kidogo tu. Hewa inapita polepole, inapoa kupita kiasi, na haifiki kwenye kochi. Jirani amerudi kuchukua kipimajoto kabla sijamaliza kueleza. Vifaranga walikuwa wanasubiri.

Jumatano
Nimezima umeme kwenye swichi yake ukutani, kwa sababu rimoti inalaza tu chombo, haikati umeme. Nimeinua mabawa ya kuelekeza upepo na kumulika tochi ndani. Bloa, ile feni ya ndani iliyo kama bomba refu lenye mapanga madogo ya plastiki kuzunguka pande zote, ilikuwa imeota manyoya meusi. Kila panga limepinda kidogo ili lichote hewa. Uchafu ukijaza mpindo huo, feni inazunguka kwa kasi ileile bila kuchota kitu.

Mama mkwe ameuliza filta ilikuwa inafanya kazi gani muda wote huo. Swali halali. Nyavu zake zinashika manyoya na vumbi kubwa. Vumbi laini la barabara yetu, moshi wa vitumbua na mafuta ya kukaangia hupita. Koili nyuma ya filta inalowa kila inapofanya kazi, na bloa iko baada ya koili, kwenye hewa yenye unyevu mwingi kuliko yote. Kiyoyozi kikizimwa, vyote hubaki gizani vikiwa vimelowa. Ukungu hauhitaji mwaliko mwingine.

"Basi kioshwe," amesema. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, hivyo ile swichi niliizima kwa heshima tu.

Alhamisi
Dukani wameniuzia wazo la dawa ya madoa yenye klorini. Nimeliacha dukani. Klorini hula vibati vya alumini vya koili, na dawa kali za magadi nazo hazina urafiki na alumini. Nimechukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili kwa lita ya maji ya uvuguvugu.

Pampu ya kupulizia nimeazima kwa jirani wa pili, analima nyanya. Imeoshwa mara nyingi, kwanza na yeye, kisha na mimi, kwa sababu sikutaka familia ipuliziwe dawa ya wadudu kutoka ukutani. Kisha maji. Mvua imenyesha milimani usiku, na bomba limetoa maji ya rangi ya chai ya rangi. Ncha ya pampu imeziba papo hapo. Nimeweka ndoo mbili zituame.

Ijumaa
Maji yametuama. Nimefungua kava, nikafunika bodi ya umeme upande wa kulia kwa nailoni na utepe wa karatasi. Chini nimening'iniza turubai, mdomo wake ndani ya beseni.

Koili kwanza. Brashi laini inakwenda juu na chini, kufuata mistari ya vibati. Ukienda kushoto na kulia vinalala, na vikilala hewa haipiti tena. Sabuni imekaa dakika kumi, kisha maji ya shinikizo dogo yamefuata. Sehemu ya koili iliyokunjwa kwa nyuma imepata maji kutoka juu tu, na hapo ndipo uwezo wa kuosha bila kushusha chombo unapoishia.

Bloa imechukua asubuhi yote. Unapulizia sabuni, unasubiri, unasugua panga moja moja kwa mswaki mrefu, unaizungusha kwa kidole, unaanza lingine. Lazima iwe mzunguko mzima, maana ikisafishwa upande mmoja inapoteza mizani na kutetemeka. Kumetoka vipande vyeusi vya utelezi, vya ukubwa wa majani ya chai, kisha vikubwa zaidi. Mama mkwe ameomba vifunikwe.

Trei ya maji ilikuwa na ute uliokaribia kuziba tundu. Nimemimina maji polepole hadi yakapita vizuri kwenye mpira wa kutolea nje. Mpira huo unatokea juu ya mchicha ambao mama mkwe aliupanda alipokuja mara ya mwisho. Mchicha umekuwa mweusi. Hakusema kitu. Ingekuwa rahisi zaidi kama angesema.

Nimesuuza hadi maji ya beseni yakawa ya rangi yake ya kawaida, yaani chai hafifu.

Jumamosi
Kimekauka usiku kucha kava likiwa wazi. Asubuhi nimetoa nailoni, nikafunika tundu la upepo kwa shuka kuukuu na kuwasha feni peke yake. Matone meusi yaliyokuwa yamejificha yameruka yote kwenye shuka. Mke wangu amesema shuka hilo halikuwa kuukuu.

Baada ya nusu saa nimewasha baridi. Kipimajoto kimerudi kwa ruhusa maalumu: 30 inaingia, 19 inatoka. Tofauti ni 11, na karatasi laini imeruka kutoka mkononi ikaangukia kwenye uji wa mama mkwe. Harufu hakuna. Nimegusa koili: imepoa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ingepoa kipande tu na kwingine kubaki na joto, ningemwita fundi atafute tundu.

Kuanzia leo, kabla ya kuzima, tunaacha feni peke yake ipulize nusu saa ili ndani pakauke. Mama mkwe ameielewa kanuni hiyo upesi, ila anaitumia tangu saa nne asubuhi, kwa sababu anasikia baridi.

Jumapili
Fundi amekuja kuchukua mtungi. Amesimama chini ya upepo, akainua mkono, akatulia.

"Unaona, mzee? Gesi ilikuwa imejisahau tu."

Nimempa nauli.